Ampuli nne, betri mbili: imekatika wapi, imegusana wapi?

Fundi, kwenye kioske changu hapa Birere nimefunga ampuli nne za volti 6 kwa mfululizo, zinakula betri mbili za lori, volti 24. Jana zote zimezima kwa mara moja. Nianzie wapi?

Usizitoe, mama, na swichi iache imewashwa. Geuza kipimo kwenye volti za betri, upande wa 200. Pima betri kwanza, uone zile 24. Halafu gusisha ncha mbili za kipimo kwenye waya mbili za kila soketi, moja baada ya nyingine. Tuseme unasoma 0, 0, 24, 0. Iliyoharibika ni ya tatu.

Wengi hapo wanakosea, wanadhani yenye volti ndiyo nzima. Mzunguko ukikatika, umeme hautembei, na ampuli nzima isiyopitiwa na umeme haibaki na volti hata moja. Volti zote za betri zinasimama kwenye pengo. Zima swichi, toa ampuli hiyo uangalie uzi wake. Kama uzi ni mzima, kosa liko kwenye soketi: mara nyingi kile kibati cha ndani kimelala, hakifikii tena kitako cha ampuli.

Mimi yangu ni kinyume. Moja haiwaki, lakini tatu zinawaka kali kuliko zamani. Kuna ubaya nikiziacha?

Upo, kaka, zitaungua upesi. Pima: utapata 0 kwenye ile iliyozima na 8 kwenye kila moja ya zile tatu. Volti 24 zilizokuwa zinagawanywa kwa nne sasa zinagawanywa kwa tatu, na ampuli ya volti 6 haistahimili 8 kwa muda mrefu. Hiyo 0 si sawa na 0 ya mama wa Birere. Kwake umeme umesimama, kwako unapita pembeni ya ampuli. Usikimbilie kununua ampuli. Fungua soketi. Juzi nimeona moja ambayo unywele mmoja tu wa waya ulitoka chini ya skrubu ukagusa skrubu ya pili.

Betri ina 24, lakini kila ampuli inasoma 0 na hakuna inayowaka.

Kuna waya, swichi au fyuzi iliyokatika, au ampuli mbili zimekufa pamoja. Zikiwa mbili, kipimo kwenye moja kinazibiwa na pengo la nyingine. Acha ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Nyekundu itembeze kuanzia chanya, ukipima kabla na baada ya kila kitu. Ukisoma 24 kabla ya ampuli ya pili na 0 baada yake, hiyo ni moja. Ibadilishe, kisha endelea kutembeza. Kama ya nne nayo imekufa, 24 itafika mpaka mlangoni pake.