Kutoka kundi la mtaa bila kumuudhi mwenyekiti

"Kundi letu la WhatsApp la mtaa hapa Bweyogerere linalia usiku kucha. Nitatokaje bila mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ambaye ndiye admini, kukasirika?"

Dada, aliyekujibu kwamba siku hizi hakuna anayejua ukitoka amepatia nusu. Tangu 2022 tangazo haliwatokei wote, lakini admini huarifiwa, na mwanachama yeyote anaweza kuona waliotoka ndani ya siku 60. Kwa hiyo heri mwenyekiti asikie kwako kwanza.

Mimi nilimwandikia wetu pembeni, kabla ya kubonyeza Exit group: "Habari za jioni mzee. Simu yangu imezidiwa, naomba kutoka kundini. Kukiwa na msiba au mkutano nipigie, mchango wangu nitautuma kwa simu." Neno la msiba ndilo lililomtuliza, maana alihofia nakwepa mabugo, ile michango ya msiba. Kundini usiage, watu wataanza kuuliza nani kakukosea.

Kaka uliyeuliza kama nawe utoke kundi la shule ya mtoto, lako ni jingine: usitoke. Mute, chagua Always, kisha Archive.

Mwenyekiti akikurudisha bila kukuuliza, hapo hata mimi sijapata njia isiyoumiza.