Sukari ikiungulia kwenye kikaango cha nonstiki

Hapa Ujiji natengeneza kashata za karanga, na kikaango changu cha nonstiki kinayeyusha sukari karibu kila siku. Mwezi uliopita niliweka kikombe kimoja cha sukari kavu kwenye jiko la mkaa, kisha muuza dagaa akapiga hodi. Niliporudi jikoni moshi ulikuwa umejaa. Katikati sukari ilikuwa nyeusi tii, pembeni ya rangi ya chai ya rangi, na yote inachemka kama lami.

Wifi yangu alikuwa barazani. Akaniambia, "Wifi, mimina maji haraka, kisha ulete majivu tusugue." Ushauri huo ndio ulioniharibia kikaango changu cha kwanza: majivu, chumvi ya mawe ya Uvinza na stiliwaya. Sukari ilitoka kweli, lakini na utando wa nonstiki ulitoka nayo, na tangu siku ile hata yai lilikuwa linaganda.

Safari hii, kwanza nikakiepua kikaango na kukiweka juu ya ubao, nikakiacha kama dakika ishirini. Sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka, hivyo ukiimwagia maji papo hapo inaruka, na ikikugusa hung'ang'ania ngozi. Halafu kikaango chembamba kikipigwa na baridi ghafla hujikunja kitako, kikawa kinayumba jikoni.

Ikishapoa inakuwa ngumu kama kioo, na hapo ndipo mkono unapowasha kutaka kuigonga au kuing'oa kwa kisu. Tafadhali usifanye hivyo. Kipande kinachobanduka kwa nguvu kinaweza kuondoka na utando.

Dawa ya kwanza ni maji. Hata ikibadilika rangi na kuwa ya kahawia, sehemu kubwa ya sukari ile bado inayeyuka kwenye maji. Inachohitaji ni joto na muda. Nilijaza maji ya vuguvugu mpaka yakapita ile sukari kwa vidole viwili, nikapunguza mkaa, nikaacha yachemke taratibu kwa robo saa. Nilikuwa napitisha mwiko wa mti mara mojamoja bila kukwangua. Ile ya pembeni yote ikayeyuka, maji yakawa kama soda ya kola. Hapo usiondoke, kwa sababu yale sasa ni shira: yakikauka, unaanza kuunguza upya. Nilimwaga yakiwa bado ya moto, mbali na mlango, maana sisimizi wa hapa hawahitaji mwaliko.

Ile nyeusi ya katikati ni habari nyingine. Hiyo imeshageuka mkaa, na mkaa hauyeyuki kwenye maji wala kwenye siki. Lakini mara nyingi chini yake kuna sukari ambayo haijaungua kabisa, na ndiyo inayoushikilia. Kwa hiyo kazi si kuumaliza ule weusi, ni kulegeza kinachoushika. Nikaweka vikombe viwili vya maji na kijiko kimoja cha chakula cha bekingi soda, nikachemsha kwa moto mdogo dakika kumi, nikaepua, nikaacha vilale mpaka asubuhi. Bekingi soda hiyo ni ya keki, si magadi. Magadi ni makali zaidi, yanakula aluminiamu pale utando ulipochubuka, na mara nyingi yana chembe za mchanga.

Asubuhi magamba meusi yalikuwa yanaelea. Yaliyobaki, madoa mawili ya ukubwa wa shilingi, niliyapaka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo ikawa kama uji mzito. Baada ya nusu saa nikayafuta kwa kitambaa laini chenye maji, nikizungusha kidole polepole. Doa moja liligoma, nikarudia kuchemsha badala ya kuongeza nguvu. Mara ya pili likatoka.

Ukimaliza, pitisha kidole kikavu. Ukisikia kivimbe, sukari bado ipo, chemsha tena. Ukisikia pako laini ila rangi ya kahawia imebaki, mara nyingi hiyo ni mafuta ya zamani yaliyokaukia, na kuchemsha maji hakutayatoa kama kunavyotoa sukari. Ukiona mng'ao wa bati au utando unabanduka vipande, hakuna usafi utakaourudisha. Kikaango hicho kiache kupikia.

Sukari huanza kuungua kabla utando haujadhurika, kwa sababu utando wa aina hii huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi. Tatizo ni mkaa: kikaango kilichosahaulika juu ya moto mkali kinaweza kufika huko. Kwa hiyo siku hizi nayeyusha sukari kwa mkaa uliofunikwa majivu, na karanga zimeshamenywa ziko pembeni kabla sijawasha jiko.