Waranti ya gari: anza na yale wasiyolipia

"Baba, gari nimelipata hapa Kampala. Limetumika, lakini wamelikagua wenyewe na wanatoa waranti ya mwaka mmoja au kilomita 20,000. Karatasi ni kurasa sita za maandishi madogo. Nisome nini kabla sijalipa?"

Zaina mwanangu,

Fungua kwanza ukurasa wenye orodha ya vipuri. Kwa gari jipya, kwa kawaida kampuni hulipia kila kitu isipokuwa vichache inavyovitaja, kama pedi za breki, diski ya klachi, balbu na mipira ya waipa. Kwa gari lililotumika mambo mara nyingi hugeuka: kinacholipiwa ni kilichotajwa peke yake. Muuzaji atakwambia "injini yote imo", lakini karatasi inaweza kusema "sehemu za ndani za injini zinazopitiwa na oili". Hizo ni pistoni, kranki, vali, pampu ya oili na wenzao. Rejeta, mipira yake ya maji, feni na thamostati vyote vimebaki nje, na huko nje ndiko gari lililotumika linakoanzia kusumbua.

Kuna mteja wangu hapa Tororo aliyenunua gari lenye waranti kama hiyo. Akiwa njiani kwenda Gulu, mpira wa rejeta ukapasuka. Mshale wa joto ukapanda, naye hakutaka kusimama porini, akaendelea mpaka senta iliyofuata. Alipofika hedi ilikuwa imepinda na gasketi yake imeungua. Hedi ilikuwamo kwenye orodha, kwa hiyo alikwenda kudai bila wasiwasi. Wakamjibu kwamba chanzo ni mpira, na mpira haumo. Kifungu kimoja kinasema uharibifu ulioletwa na kipuri kisichotajwa haulipiwi, hata kama kilichoharibika kimetajwa. Kifungu kingine kilikataa uharibifu wowote wa injini kuchemka ikiwa dereva aliendelea kuendesha. Tena gharama ya kuifungua injini ili chanzo kionekane ilikuwa juu yake, kwa kuwa madai yenyewe yalikataliwa. Gari akaniletea mimi, akalipa yote mfukoni mwake.

Kwa hiyo tafuta hicho kifungu cha uharibifu unaofuatia. Waombe waandike kwamba kipuri kilichotajwa kitalipiwa hata kikiharibiwa na kisichotajwa. Sidhani watakubali kirahisi. Wakikataa, wabane upande mwingine: wabadilishe mipira ya maji, thamostati, kifuniko cha rejeta na fani belti kabla hujalichukua gari, na waandike hivyo kwenye karatasi ya ukaguzi. Vitu hivyo bei yake ni ndogo ukilinganisha na hedi. Muuzaji anayeringia ukaguzi wake halafu akakataa kubadilisha mpira wa maji, mimi ningemwachia gari lake.

Angalia pia kiwango cha juu kwa dai moja. Tuseme wameandika shilingi milioni 2 na matengenezo yamefika milioni 3 na nusu. Hata wakikubali dai, milioni moja na nusu ni yako.

Sasa hizo kilomita. Muda na kilomita, kinachotangulia kwisha ndicho kinachoifunga waranti. Wewe unakwenda Gulu kikazi kila wiki, kama kilomita 330 kwenda na 330 kurudi. Kwa 660 kila wiki, 20,000 zinakwisha ndani ya wiki 30 hivi, yaani miezi saba. Huo mwaka wao kwako haupo. Hakikisha karatasi inasema waranti inaanza siku unayokabidhiwa gari, isiwe siku waliyolikagua, na kilomita za siku hiyo ziandikwe mbele ya macho yako.

Sevisi nayo ina mtego wake. Wakisema kila kilomita 5,000 kwenye gereji yao, utafika huko kila baada ya wiki saba au nane. Ukibadilishia oili Gulu kwa fundi wa barabarani, hata awe bora kuliko mimi, umewapa sababu ya kukukatalia. Uliza gereji zipi wanazikubali nje ya Kampala, upewe jibu la maandishi, na risiti zote ziweke. Na kaka yako asilipeleke kubeba abiria mwisho wa wiki. Waranti nyingi hukataa gari la biashara, na najua ameshalipigia hesabu.

Wakikuonyesha cheti cha ukaguzi uliofanywa Japani kabla gari halijapakiwa melini, hicho ni cha kuruhusu gari kuingia nchini, hakilipii kipuri chochote.

Piga picha ukurasa wa vipuri na ule wa wasiyolipia, unitumie leo jioni. Pesa usitoe kabla sijakupigia.

Baba yako