Namba za runinga ya rafiki yako ziache huko huko kwake

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina runinga ya inchi 50. Mpira natazama kwa king'amuzi, sinema natazama kwa laptopu kupitia waya wa HDMI. Sinema zenye matukio ya usiku zilikuwa giza tupu, huoni mtu wala mlango. Fundi wa mtaani akaja, akaweka Dynamic, akapandisha Brightness na Colour. Sasa kwenye mpira nyeusi imekuwa kijivu na nyuso za wachezaji zimekuwa nyekundu. Rafiki yangu mwenye runinga kama hii amenitumia picha za namba zake zote kwenye WhatsApp. Je, nizinakili? Kifaa cha kupimia sina.

Jibu: Usizinakili, ndugu yangu. Nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na lile giza, maana shida haikuwa kwenye Brightness hata kidogo, na aliyekuja kwako angeligundua hilo kama angefungua picha ya majaribio kabla ya kushika rimoti.

Giza lilikuwa kwenye sinema za laptopu, mpira wa king'amuzi ulikuwa sawa. Runinga ni ile ile, kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni mapatano kati ya laptopu na runinga. Katika video ya kawaida, weusi kamili umepewa namba 16 na weupe kamili 235. Kompyuta huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Laptopu ikituma picha kwa hesabu yake, na runinga ikadhani inapokea hesabu ya video, basi chochote kilichotumwa chini ya 16 kinaonyeshwa kuwa cheusi sawasawa, na chochote kilicho juu ya 235 kinakuwa weupe mmoja. Koti jeusi, mlango na ukuta wa usiku vyote vimo humo chini. Ukipandisha Brightness utaviona, ndiyo, lakini umeinua weusi wote, na king'amuzi ambacho hakikuwa na kosa ndicho kinacholipa.

Kwa hiyo rudisha kila kitu cha picha kilivyotoka kiwandani. Chagua Movie (runinga nyingine huandika Cinema au Filmmaker Mode), na kwenye rangi ya mwanga chagua Warm2 au ile iliyo na joto zaidi. Zima kila kinachobadilisha picha chenyewe: kuongeza kontrasti, kuokoa umeme, kupima mwanga wa chumba. Ukiviacha, utakuwa unarekebisha huku runinga nayo inarekebisha, na hamtafika. Iache iwake nusu saa, halafu fanya kazi saa zile unazotazama sinema, na taa zile zile. Picha iliyopangwa saa nane mchana pazia likiwa wazi haitakufaa usiku.

Utaona Movie ina unjano. Kila mtu huniambia hivyo. Jicho lako limezoea ubuluu wa Dynamic, na jicho huzoea chochote unachokiwekea mbele. Vumilia jioni chache, kisha rudi Dynamic uone nyasi za uwanjani zinafanana na nini.

Sasa pata picha za majaribio. Zipo za bure zinazoitwa AVS HD 709. Chukua zile za MP4, uweke kwenye flashi. Usitumie picha aliyokutumia mtu kwa WhatsApp, kwa sababu ikifika kwako imeshabanwa upya na tofauti ndogo tunazozitafuta zimechafuka. Chomeka flashi kwenye runinga yenyewe na ufungue Black Clipping. Utaona mistari myeusi inayometameta, kila mmoja na namba yake, kuanzia 2 hadi 25. Runinga ikiwa sawa, mistari ya 16 kushuka chini imetulia, huioni, na kuanzia 17 kupanda inameta. Wa 17 ni hafifu sana, lazima uzime taa na ukae karibu ili uunase.

Chukua mfano. Brightness iko 50 na unaona kuanzia 20 tu. Panda hatua moja, subiri jicho litulie, panda nyingine. Kwenye 52 mstari wa 18 unaonekana vizuri na wa 17 unaonekana kwa shida. Ukifika 53 mistari ya chini ya 16 nayo inaanza kumeta, basi rudi 52 na uache hapo. Hiyo ndiyo kazi yote ya Brightness: kuamua weusi unaanzia wapi. Mwanga wa skrini kwa jumla unatoka Backlight, na huo unaupanga kwa starehe ya jicho tu. Ukurasa mweupe usikufanye ukunje uso. Angalia runinga yako inaziita vipi, maana kwenye Sony nyingi za miaka ya karibuni Brightness ndiyo mwanga wa nyuma, na weusi uko kwenye Black level.

Baada ya hapo fungua White Clipping, mistari myeupe kuanzia karibu 230. Huu ni upande wa Contrast. Ishushe mpaka mstari wa 234 uonekane ukimeta. Ikionekana na michache iliyo juu ya 235, vizuri zaidi. Tazama pia rangi ya ile mistari. Ikianza kuwa ya waridi au ya samawati wakati iliyo chini yake ni nyeupe safi, rangi mojawapo kati ya nyekundu, kijani na buluu imefika ukingoni kabla ya wenzake, na Contrast bado iko juu mno. Kisha rudi kwenye weusi uangalie tena, kwa sababu vitufe hivi viwili huvutana.

Sasa hamisha faili zile zile kwenye laptopu na uzicheze kupitia HDMI, ukiwa umeweka Movie na namba ulizozipata. Hapa ndipo ugonjwa wako utajionyesha. Kama hesabu hazipatani, mistari ya weusi yote mpaka 25 itakuwa imezama, na wakati huo huo mistari myeupe yote itakuwa imeungana. Pande zote mbili zikipotea kwa pamoja, usiguse Brightness wala Contrast. Tafuta HDMI Black Level kwenye menyu ya runinga. Kwenye Samsung, Low ni hesabu ya video na Normal ni ya kompyuta; kwenye LG inaitwa Black Level, yenye Low na High. Au nenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha ya laptopu uchague Limited badala ya Full. Badilisha upande mmoja tu. Ukibadilisha pande zote mbili utapata kosa la kinyume, picha iliyopauka, nyeusi ikiwa kijivu. Mistari ya chini ya 16 usiisubiri kupitia laptopu, kwani programu ya kuchezea video kwa kawaida huikata kabla haijatoka.

King'amuzi hakichezi faili hizi mara nyingi, kwa hiyo kiwekee Movie na namba za flashi. Runinga nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Thibitisha kuwa imefika huko.

Nyuso nyekundu zitakuwa zimeondoka zenyewe kwa ile kurudisha mipangilio ya kiwandani. Ukitaka kuhakikisha, fungua picha ya mistari ya rangi na utafute kwenye menyu kitu kinachoonyesha buluu peke yake. Samsung kadhaa zina RGB Only Mode, LG kadhaa zina Color Filter. Buluu imo ndani ya nyeupe, samawati, zambarau na buluu yenyewe, haimo kwenye njano, kijani wala nyekundu. Kwa hiyo ukitazama buluu tu, ile minne inapaswa kuwa na mwanga mmoja na mitatu iliyobaki iwe myeusi. Nyeupe na buluu zikitofautiana, gusa Colour. Samawati na zambarau zikitofautiana, gusa Tint. Kwenye Movie huwa ni hatua moja au mbili, au hakuna kabisa.

Runinga isiyo na kitu hicho, iache Colour ilivyotoka kiwandani. Nasema hivyo kwa sababu najua kitakachofuata: mtu atakwambia tumia plastiki ya buluu, ganda la peremende au karatasi ya kufungia zawadi. Ipime kwanza. Tazama kupitia hiyo plastiki mistari ya njano, kijani na nyekundu. Kama si myeusi tii, plastiki inapitisha rangi nyingine, na utakachorekebisha ni kosa la plastiki. Za madukani karibu zote hufeli hapo.

Sasa turudi kwa rafiki yako. Chaguo lake la Movie na vitu alivyovizima unaweza kuviiga bila hofu. Namba zake hapana. Modeli moja ya runinga huweza kutoka na vioo vya viwanda tofauti, na hata vya kiwanda kimoja havilingani. Taa za nyuma huchoka kwa kadiri zinavyotumika, na chumba chake si chako. Brightness yake ya 47 inaweza kuzamisha vivuli vyote kwako. Hizo angalau utazigundua kwa mistari. Za hatari ni zile za ukurasa wa White Balance, R-Gain, B-Offset na wenzake. Hizo hupanga kiasi cha nyekundu, kijani na buluu ndani ya kijivu, na hakuna picha ya majaribio itakayokuwezesha kuzipanga kwa macho. Ukikodolea macho kijivu chenye ukijani kidogo kwa dakika chache, ubongo unakihesabu kuwa kijivu safi. Ukiwasha taa nyeupe ya chumba, unabadilisha maoni.

Ndiyo maana nachoka na hawa wanaopita majumbani na orodha ya namba kwenye simu, wanatoza hela ya kalibresheni, wanaingiza tarakimu ishirini na kuondoka. Mteja anaona picha imebadilika, anadhani imeboreka. Kazi ile inahitaji kifaa cha kupima rangi kinachowekwa mbele ya kioo, na mtu asiyekuwa nacho hana kazi kwenye ukurasa ule, hata awe na uzoefu gani. Mwombe akuonyeshe kifaa kabla ya kukubaliana bei. Na kama yule wa kwako alishapita huko, usitegemee kuwa kurudisha mipangilio ya picha kumefuta kila kitu. Fungua White Balance uone kama namba zimerudi katikati, na ukurasa huo ukiwa na Reset yake yenyewe, ibonyeze kabla hujaanza na mistari ya 17.