Simu kupiga 112 mfukoni

"Simu yangu ya Android inapiga 112 yenyewe ikiwa mfukoni. Naizimaje?"

Ni kitufe cha pembeni: kikibonyezwa haraka mara tano, simu inaanza kupiga. Ingia Settings, kisha Safety & emergency, fungua Emergency SOS uizime. Kama ungependa ibaki, Pixel ina Touch & hold to start actions: lazima ushikilie kioo kwanza ndipo ipige.

Kuna ndugu aliyeshauri uifunge simu kwa pini; yuko sahihi nusu tu, maana kitufe cha Emergency call hubonyezeka hata simu ikiwa imefungwa. Geuza kioo kitazame nje, mbali na paja.

Na ikishaunganisha, tafadhali usikate. Waambie uko salama, wasibaki wakihangaika kukutafuta.