Kwa nini ngurumo huja baada ya mwanga wa radi

"Usiku tukiwa Entebbe tunaona radi zikimulika juu ya ziwa. Umeme huo hutoka wapi, na kwa nini ngurumo huchelewa, tena mara nyingine haisikiki kabisa?"

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari kando ya ziwa hilo, na nitaanza na barafu, kwa sababu bila barafu ni vigumu kwa wingu kupata umeme wa kutosha, hata hapa ikweta. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea Ziwa Viktoria, na pale unapokutana hewa yenye unyevu hulazimika kupanda. Ikipita kilomita 5 hivi juu ya usawa wa bahari, huingia kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Humo huwamo fuwele ndogo za barafu, punje laini za barafu zilizo nzito zaidi, na matone ya maji ambayo bado hayajaganda. Fuwele zinapogongana na punje, kwa kawaida punje hubaki na chaji hasi na fuwele hupata chaji chanya. Hewa inayopanda huzibeba fuwele hadi kileleni, ilhali punje husalia katikati ya wingu, na hivyo chaji hizo hutengana.

Tofauti hiyo ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, njia ya umeme hushuka kwa hatua za makumi ya mita, na ikikaribia chini hulakiwa na cheche inayopanda kutoka mtini, mnarani au majini. Zikiungana, mkondo mkubwa hupita na kuipasha hewa ya njia hiyo joto la nyuzi 30,000 hivi. Hewa hiyo hutanuka ghafla na kusukuma ile inayoizunguka, na msukumo huo ndio ngurumo.

Kwa hiyo mwanga na sauti huzaliwa pamoja. Tofauti ni mwendo tu. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti huchukua sekunde 3 hivi kwa kila kilomita. Tuseme umeona mwanga, ukahesabu sekunde 9 ngurumo ikaanza, nayo ikaendelea kwa sekunde 9 nyingine. Sehemu ya radi iliyo karibu nawe ilikuwa umbali wa kilomita 3, na ya mbali, juu winguni, kilomita 6. Mvumo mrefu hutokana na urefu wa njia hiyo. Hesabu hii huharibika radi zinapofuatana upesi, kwani hujui ngurumo ni ya mwanga upi.

Kuhusu radi zisizosikika: hewa ya chini kwa kawaida ina joto kuliko ya juu, nayo sauti hupinda kuelekea kwenye baridi. Zaidi ya kilomita 15 au 20, ngurumo hupita juu ya vichwa vyetu, ilhali mwanga wa dhoruba iliyo upande wa visiwa vya Ssese huonekana wazi kutoka Entebbe.