Dokezo la kumpendekeza mtumishi apandishwe cheo: kigezo kimoja hakijatimia, nifanyeje?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni msimamizi wa ghala la katani hapa Tanga na nataka karani wangu mkuu apandishwe awe msimamizi msaidizi. Vigezo vilivyotangazwa ni vinne: miaka mitatu katika cheo cha sasa; tofauti ya idadi au daraja kati ya leja na ghala isizidi asilimia 0.5 ya mzigo katika kila hesabu ya mwezi, kwa miezi 12 iliyopita. Awe amekaimu usimamizi wa zamu kwa miezi mitatu au zaidi. Na asiwe na onyo la maandishi lililo hai. Dokezo langu la kurasa mbili limerudishwa na ofisi ya rasilimaliwatu kwa maneno "vielelezo havijitoshelezi". Mwenzangu ananishauri niongeze maneno yenye uzito, na yupo mtu wa steshenari anayeuza mifano iliyoandikwa vizuri. Shida yangu ni kwamba Novemba na Desemba hesabu zake zilivuka kiwango. Je, niziache nje?

JIBU: Marahaba. Usiziache nje, na usinunue mfano. Nimesoma nakala ya dokezo lako pamoja na jedwali la hesabu uliloambatanisha, na kwa kweli jedwali hilo la nusu ukurasa linamtetea karani wako kuliko kurasa zako mbili zote.

Katika dokezo umeandika kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye kujituma, anayefika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Sina sababu ya kukubishia, lakini hakuna kigezo hata kimoja kati ya vinne kinachouliza lolote kati ya hayo. Mjumbe wa kamati hukaa na orodha ya vigezo mkono mmoja na dokezo lako mkono wa pili, akitafuta mahali pa kuweka alama, na kurasa zako mbili hazimpi mahali hapo. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kila msimu wa kupandisha vyeo, na linanichosha kwa sababu anayeumia si aliyeandika bali aliyeandikiwa. Msimamizi hudhani kwamba dokezo likirudishwa maana yake sifa hazikutosha, basi huongeza sifa. Kilichokosekana ni kipimo, tena kipimo kilekile kilichotajwa na kigezo: kama kigezo kinapima kwa asilimia ya mzigo, jibu nalo lije kwa asilimia ya mzigo, kwa miezi ileile 12, pamoja na jina la karatasi ambayo mjumbe anaweza kuifungua na kuhakikisha mwenyewe.

Kigezo cha kwanza na cha nne havihitaji zaidi ya sentensi moja kila kimoja. Taja tarehe ya barua iliyompa cheo cha sasa, na usihesabu miaka yake yote tangu aajiriwe, maana kigezo kinasema "katika cheo cha sasa". Kuhusu onyo, usiandike kwa kumbukumbu yako. Waombe masjala wathibitishe hali ya jalada lake, kisha taja tarehe ya uthibitisho huo.

Kigezo cha pili ndicho kitakachoamua suala hili. Jedwali lako linaonyesha hesabu 12, kuanzia Oktoba mwaka jana hadi Septemba mwaka huu, na kwa mzigo wa marobota 1,200 kiwango cha asilimia 0.5 ni marobota 6. Hesabu kumi zimekaa ndani ya kiwango. Novemba tofauti ilikuwa marobota 11, sawa na asilimia 0.92, na Desemba ilikuwa 9, sawa na asilimia 0.75. Katika dokezo umejaribu kulipita jambo hili kwa kusema kwamba "jumla haikupungua hata robota moja". Kauli hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayokuharibia zaidi, kwa kuwa kigezo kinataja idadi au daraja. Marobota yenye alama ya 3L yaliyopangwa katika safu ya UG hayabadilishi jumla ya ghala, lakini mnunuzi aliyelipia daraja moja akapelekewa lingine hatajali jumla yako. Mjumbe anayeijua biashara ya katani ataona mara moja kwamba umechagua kipimo kinachokufaa badala ya kile kilichotangazwa, na kuanzia hapo atasoma kila sentensi yako nyingine kwa shaka.

Andika ukweli wote, kisha mwonyeshe mjumbe kile ambacho ukweli huo umebeba. Jedwali lina safu ya maelezo ambayo hukuitumia kabisa: mzigo wa miezi ile miwili ulishushwa usiku na kupangwa kabla ya alama za daraja kusomwa, na kuanzia Januari karani huyu aliacha kuingiza shehena yoyote kwenye leja mpaka alama ya kila robota isomwe mlangoni. Tangu hapo tofauti haijavuka marobota 4. Huu ni ushahidi wa mtu aliyeona chanzo cha kosa na kukiziba, jambo ambalo neno "makini" haliwezi kulisema hata ukilirudia mara kumi. Aya yenyewe inaweza kusomeka hivi:

"Kigezo cha 2: Hakijatimia kikamilifu. Kati ya hesabu 12 (Oktoba hadi Septemba), 10 zimekuwa ndani ya asilimia 0.5, Novemba ilikuwa 0.92 na Desemba 0.75, zote kwa kuchanganyika kwa daraja la UG na 3L wakati wa kushusha mzigo usiku. Kuanzia Januari, kwa utaratibu alioupendekeza karani mwenyewe (tazama maelezo yake ya maandishi ya mwezi huo, kiambatisho B), tofauti ya juu kabisa imekuwa marobota 4, yaani asilimia 0.33. Karatasi za hesabu zilizosainiwa ni kiambatisho A."

Maneno "alioupendekeza karani mwenyewe" yasiingie kama huna karatasi ya kuyathibitisha. Wasimamizi wengi humpa mtu mmoja sifa ya kazi ya zamu nzima, na kikao kikiuliza nani hasa alianzisha utaratibu huo, hujibu kwamba "walishirikiana". Ikiwa walishirikiana, andika hivyo, kisha eleza sehemu yake ilikuwa ipi.

Baada ya aya hiyo lazima uamue unapendekeza nini, kwa sababu wewe huna mamlaka ya kusamehe kigezo. Njia ya kwanza ni kuiomba kamati, ikiwa taratibu za kampuni yenu zinaipa uwezo huo, imfikirie pamoja na upungufu huo uliotajwa wazi. Njia ya pili ni kuomba akaimu nafasi hiyo mpaka hesabu ya Desemba mwaka huu ikamilike, kwani wakati huo miezi 12 ya kupimwa itaanzia Januari, na ile miwili mibaya itakuwa imetoka. Binafsi ningechagua ya pili, kwa sababu haimwombi mtu yeyote afumbe macho.

Kigezo cha tatu nacho kina mtego usiouona. Umeandika kwamba alikaimu "zaidi ya miezi mitatu". Ratiba za zamu zinaonyesha alishika nafasi ya msimamizi wa zamu aliyekuwa katika likizo ya uzazi ya siku 84, kisha miezi kadhaa baadaye akashika nafasi ya mwingine aliyekuwa katika likizo ya mwaka ya siku 28. Siku 84 peke yake hazifiki miezi mitatu. Zikijumlishwa na 28 zinakuwa 112, na hapo zinavuka. Kigezo hakikusema kama siku ziwe mfululizo, basi waulize rasilimaliwatu kwa maandishi kabla hujaandika, kisha taja vipindi vyote viwili kwa tarehe zake. Kama kipindi cha pili hakina barua ya kukaimu, ambatanisha ratiba ya zamu na kitabu cha makabidhiano chenye saini zake, na useme waziwazi kwamba barua haikutolewa.

Ipo pia sentensi ambayo ningeifuta leo: "ingawa ni mama wa watoto wadogo na si mwenyeji wa Tanga, hajawahi kuchelewa". Najua ulimaanisha wema. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ambayo ni pamoja na majukumu ya familia na mahali mtu anapotoka, na kupandishwa cheo hakujaachwa nje. Ukilitaja jambo hilo hata kwa kumsifia, umeliingiza katika mizani ambayo halistahili kuwamo, na karani mwingine aliyekosa nafasi anaweza kuuliza lilipimwaje.

Sasa nirudi kwa huyo mtu wa steshenari, maana hayuko kwenu tu. Biashara ya kuuza madokezo na barua za mapendekezo imeenea, na bidhaa yake ni ileile: aya tatu za sifa, nafasi ya kujaza jina, na saini. Nimewahi kupokea dokezo la fundi mitambo lililosema kwamba "anawapenda wanafunzi wake na kuwalea kimaadili". Kosa la namna hiyo linachekesha na angalau linaonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana, pale mfano unapokuja na sentensi kama "amevuka malengo yote aliyopangiwa" na msimamizi akaiacha kwa kuwa inapendeza. Sentensi hiyo ni taarifa ya ukweli iliyo chini ya saini yako. Mtumishi akipandishwa kwa taarifa hiyo na baadaye mzigo ukapotea, dokezo litatolewa jaladani. Aliyeachwa akipeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, dokezo hilo hilo linaweza kuombwa kama kielelezo, nawe utatakiwa kueleza ni malengo gani, yalipangwa lini, na yalipimwa kwa karatasi ipi. Aliyekuuzia mfano hakuwahi kuiona leja yako, kwa hiyo hawezi kukusaidia kujibu.

Kabla ya kulipeleka tena, mwonyeshe karani tarehe na takwimu pekee, bila pendekezo lako, athibitishe kwamba ni sahihi. Yeye ndiye aliyekuwa mlangoni wakati mzigo unashushwa, na kama Novemba ilikuwa na sababu nyingine ambayo jedwali halikuiandika, ni afadhali uisikie kwake kabla ya kuisikia kwenye kikao.